Kuipima hotuba ya rafiki wa bibi harusi

Rafiki wa siku nyingi wa bibi harusi huzungumza ukumbini, glasi ikiwa mkononi, kabla wageni hawajasimama kuwatakia heri maharusi. Katika sherehe za mijini Tanzania nafasi hiyo mara nyingi huja usiku umeshasogea, mshereheshaji akitupia saa jicho na vyakula vikiwa vimeshapangwa mezani. Hotuba nzuri hulijua hilo. Dakika tatu zinatosha, nne zinavumilika, na ya tano huwa ya msemaji peke yake. Salamu nazo hazihitaji zaidi ya "itifaki imezingatiwa". Anayeanza kuitaja kamati mjumbe kwa mjumbe ameshaula muda wake.

Jambo la pili la kutazama ni kama msemaji anajua yuko wapi. Siri za usichana zina mahali pake, napo ni kicheni pati, wanapokaa wanawake peke yao. Ukumbini wapo wakwe, mashemeji, viongozi wa dini na wafanyakazi wenzake bwana harusi. Habari ya mchumba wa zamani haina pa kuwekwa hapo, hata ikizungushwa kwa mafumbo, maana fumbo ndilo litakaloulizwa meza kwa meza usiku kucha. Utani wa makabila, kama ule wa Wapare na Wachaga, huchangamsha pale tu panapokuwa na watani wa kweli wa kuujibu. Anayetaka kujua kama mzaha umekaa sawa asisikilize kicheko cha ukumbi, amwangalie bibi harusi. Akicheka huku akimtazama rafiki yake, mambo ni mazuri. Akitabasamu huku macho yakimkimbilia mama mkwe, mpaka umeshavukwa.

Lakini ustadi hasa unaonekana pale kicheko kinapogeuka kuwa maneno ya moyoni. Msemaji wa kawaida huwa na mafungu mawili: vichekesho vitatu, kisha sifa. Kati yake huweka "sasa tuache utani", na kuanzia hapo sauti inabadilika, vinafuata upole, uchapakazi na ucha Mungu ambavyo kila bibi harusi husifiwa navyo. Msemaji hodari hahitaji kivuko hicho, kwa sababu kumbukumbu iliyochekesha ndiyo hiyo hiyo inayobeba sifa.

Chukua mfano wa marafiki waliolala kitanda kimoja cha deka katika shule ya bweni. Msemaji anaeleza kwamba bibi harusi alikuwa na tranka lenye kufuli mbili, na ndani yake sukari aliyoipima kwa kijiko kila jioni. Aliyeomba aliulizwa kwanza: ile ya juzi umerudisha? Ukumbi unacheka, na msemaji anaongeza kwamba yeye mwenyewe bado anadaiwa vijiko viwili, hivyo kicheko kinamwangukia na yeye pia. Kisha, bila kubadili sauti, anasema kwamba walipokuwa kidato cha tatu yeye msemaji alifiwa na baba yake, akaenda nyumbani kuzika. Aliporudi, kufuli zile mbili zilifunguliwa, na chini ya sukari palikuwa na madaftari yake yote, yamenakiliwa masomo ya siku zote alizokosa. Hapo anamgeukia bwana harusi: "Shemeji, huyu ukimkabidhi kitu, kitakuwepo."

Neno "mwaminifu" halikutajwa, na halikuhitajika. Mgeni wa upande wa bwana harusi, ambaye hakumjua binti huyo kabla ya siku ile, anaondoka na tranka na madaftari, vitu anavyoweza kumsimulia mtu asubuhi. Ikiwa alichobaki nacho ni kwamba rafiki alilia sana, hotuba haikufanya kazi yake. Machozi yenyewe si kasoro. Sauti inayokatika kwenye madaftari huaminika. Ile inayotangaza mapema kwamba "nitalia" huwafanya watu wasubiri kilio na kuacha kusikiliza.

Kumbukumbu moja hutosha, mbili zikizidi. Anayepanga tano, kuanzia chekechea hadi chuo, anasoma wasifu. Dalili mbaya zaidi ni "mimi na yeye" inayorudi hadi bwana harusi anaonekana kama mgeni mwalikwa. Ndiyo maana sentensi ile ya shemeji ina uzito mkubwa kuliko urefu wake.

Mwisho hupimwa kwa masikio. Wageni wanapaswa kujua wasimame lini na waseme nini, basi msemaji huwaomba wainuke, husubiri viti vitulie, ndipo anatoa maneno mafupi ambayo umati unaweza kuyarudia kwa pamoja. Hataji mvinyo, maana glasi nyingi zina soda au juisi. Akisema "Kwa maharusi!" na ukumbi ukajibu kwa sauti moja, glasi zinagongwa, naye anamrudishia mshereheshaji kipaza sauti bila kuongeza neno.