Oili ya jenereta: asidi mbili, hukumu mbili

Uhaba wa mafuta ulioibana Burundi miaka ya karibuni umewafanya watu wengi wa Bujumbura kutegemea dizeli ya madumu inayovushwa kutoka Uvira. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliweka salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, lakini dumu halina cheti. Salfa ikiungua hukutana na mvuke wa maji na kuzaa asidi sulfuriki. Inayoizima ni besi, hasa chumvi za kalsiamu zilizotiwa ndani ya oili kiwandani.

Akiba ya besi hiyo ndiyo TBN: ni miligramu ngapi za potasiamu hidroksaidi zinazolingana na besi iliyomo katika gramu moja ya oili. Ili kuijua, oili huyeyushwa na kutoneshewa asidi kidogo kidogo hadi besi iishe. Oili iliyotumika ni nyeusi tititi na rangi ya kiashiria haionekani ndani yake, kwa hiyo badiliko husomwa kwa volti kupitia elektrodi.

Chukua mfano wa jenereta iliyomaliza saa 250. Sampuli huvutwa injini ikiwa bado ya moto, kisha chupa hutikiswa vizuri, maana oili iliyokaa huacha sehemu ya viambato chini. Tunapima gramu 2.0 na kutumia asidi hidrokloriki ya 0.1 N, kwa njia ya ASTM D4739:

```
TBN = (A - B) x N x 56.1 / W
    = (1.55 - 0.05) x 0.1 x 56.1 / 2.0 = 4.2
```

A ni mililita za asidi zilizotumika, B ni zile za kiyeyushi kitupu, N ni ukolezi wa asidi, W ni uzito wa oili.

Tuseme lebo ya oili mpya inasema 10. Je, imeshuka chini ya nusu, mpaka ambao wengi huufuata? Hapo ndipo watu hujikwaa. Namba ya lebo kwa kawaida hutoka njia ya D2896, yenye asidi pakloriki. Asidi hiyo ni kali zaidi, hivyo huhesabu hata besi dhaifu na chumvi za chuma na shaba zilizotokana na kuchakaa, ambazo haziikingi injini. Sampuli ileile ingeweza kusoma 5.8 kwa njia hiyo, na mwenye jenereta akaendelea kuiwasha.

Kwa maoni yangu, namba ya lebo iachwe. Oili mpya ya pipa lilelile ipimwe kwa D4739. Ikisoma 9, nusu yake ni 4.5, na hii ya 4.2 imwagwe.

Hata hivyo, jenereta inayokula oili na kuongezewa kila wiki huingiza kalsiamu mpya kila mara. TBN yake itabaki juu huku masizi na chuma vikizidi, kwa hiyo kiasi kilichoongezwa kiandikwe kwenye chupa ya sampuli.