Ofa ya Sabasaba: Hesabu ya Mashuka Kabla ya Kushusha Bei

Kila mwaka kuanzia Juni 28 hadi Julai 13, Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam yakiwa yamefunguliwa pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, maduka yaliyo nje ya geti nayo huingia kwenye msimu. Ukishuka na Barabara ya Kilwa hadi Mbagala Rangi Tatu, au ukienda upande wa pili wa jiji hadi Tegeta, utaona manila zimebandikwa kwenye milango ya fremu: Bei ya Sabasaba, punguzo asilimia 10. Wengi wa walioandika manila hizo wana matumaini tu kwamba wateja wataongezeka. Wataongezeka kwa kiasi gani ndipo punguzo lijilipe? Swali hilo hujibika kwa kalamu kabla manila haijanunuliwa.

Tuchukue duka la mfano la mashuka, Mbagala. Seti ya sita kwa sita inauzwa Sh 25,000. Kariakoo imenunuliwa kwa Sh 16,800, nauli ya kirikuu ikigawanywa kwa kila seti ni Sh 400, na mfuko wa kumfungia mteja Sh 300, maana tangu Juni 2019 ile ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku. Jumla ni Sh 17,500, kwa hiyo kila seti inayotoka inaacha Sh 7,500. Kodi ya fremu, umeme na posho ya muuzaji siziingizi hapa. Ziuzwe seti mbili au ishirini, gharama hizo ni zilezile, na punguzo haliziongezi wala kuzipunguza.

Sasa punguza asilimia 10. Bei inashuka kwa Sh 2,500 na kuwa Sh 22,500, lakini Kariakoo hawajakupunguzia hata senti. Zile Sh 2,500 zote zinatoka kwenye Sh 7,500 zako, na kinachobaki ni Sh 5,000. Mteja amepunguziwa sehemu moja ya kumi ya bei. Wewe umepoteza theluthi ya faida. Kugawanya faida ya zamani kwa faida mpya kunatupa jibu: 7,500 kwa 5,000 ni moja na nusu. Aliyekuwa akiuza seti mbili kwa siku auze tatu. Kwa siku 16 za msimu, seti 32 ziwe 48, na hapo atakuwa amepata Sh 240,000 ileile ambayo angeipata bila ofa yoyote. Hizo seti 16 za ziada ni za kurudi pale alipokuwa. Faida ya ofa inaanza na seti ya 49.

Akiweka bango na kumlipa kijana wa kipaza sauti, tuseme Sh 50,000 kwa jumla, fedha hiyo nayo inalipwa kwa faida mpya ya Sh 5,000. Ni seti 10 nyingine. Lengo limefika 58. Na akishawishika kushusha asilimia 20, kila seti itamwachia Sh 2,500 tu, hivyo hata bila bango atahitaji kuuza mara tatu ya kawaida, seti 96. Kwenye asilimia 30 hakuna idadi itakayomwokoa.

Ndiyo maana punguzo linalofaa kwa mashuka linaweza kuua duka la vyakula. Muuza sukari anayepata Sh 200 kwa kilo akipunguza Sh 100, ambayo mteja wala haihisi sana, tayari anapaswa kuuza mara mbili. Anayeiga ofa ya jirani bila kujua jirani anabakiwa na nini kwa kila kipande anajitafutia balaa.

Hesabu hiyo ina tundu moja, na mfanyabiashara yeyote wa Temeke ataliona haraka: nani Mbagala analipa Sh 25,000 iliyoandikwa? Mteja anauliza bei, anauliza bei ya mwisho, na mara nyingi anaondoka na seti kwa Sh 23,000 au 24,000. Bei ya kuanzia hesabu basi si ile ya kibandiko bali wastani wa fedha zilizoingia mkononi. Jumlisha mauzo ya mashuka ya mwezi, gawanya kwa idadi ya seti. Ikiwa wastani ni Sh 24,000, faida ya kweli ni Sh 6,500, na ofa ya Sh 22,500 isiyojadiliwa inataka seti 42 badala ya 32, bila kuhesabu bango. Ni afueni. Lakini mteja akiona ofa hachoki kuomba apunguziwe tena. Akikubaliwa Sh 21,500, faida inakuwa Sh 4,000 na lengo linapanda hadi seti 52. Kwa hiyo muuzaji aagizwe mapema kwamba bei ya ofa ni moja, la sivyo mwenye duka atakuwa amepunguza mara mbili kwa mteja mmoja.

Namba ya lengo ikishapatikana, iulize mtaa wako. Wiki moja kabla ya ofa, muuzaji aandike kwenye daftari waliouliza bei ya sita kwa sita wakaondoka. Ikiwa kwa siku wanaondoka wanne au watano wakilalamikia bei, kumpata mnunuzi wa tatu si ndoto. Ikiwa anaondoka mmoja, tena kwa sababu hakupenda rangi, punguzo litawafaidisha wale wawili ambao wangenunua tu.

Mauzo ya Julai 13 pia hayatoshi kutoa hukumu. Kuna mama aliyepanga kununua mashuka mwisho wa mwezi, akaona ofa akanunua mapema. Huyo si mteja wa ziada. Utamjua kwa kuangalia wiki mbili zinazofuata: seti mbili kwa siku zikishuka kuwa moja, umeuza mashuka ya Julai nzima kwa bei ya Sabasaba. Na jambo ambalo wengi hawaliwazii: mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio hukadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Seti 32 kwa Sh 25,000 ni mauzo ya Sh 800,000. Seti 48 za ofa ni Sh 1,080,000. Faida haijaongezeka hata shilingi, lakini kitabu cha mauzo kimenenepa.

Kwa duka kama hili, mimi nisingegusa bei ya seti moja. Ningeandika: ukichukua mbili, Sh 46,000. Kwa bei ya kibandiko, anayetaka moja bado anaacha Sh 7,500. Aliyekuja kwa moja akashawishika kuchukua mbili anaacha Sh 11,000, yaani nyongeza ya Sh 3,500. Anayekupotezea ni yule tu ambaye angenunua mbili hata bila ofa, maana amekulia Sh 4,000. Kwa kila watu saba wa aina hiyo unahitaji wanane wa kushawishika, na kwenye mtaa ambao wateja wengi hununua seti moja moja, hilo ni lengo jepesi kuliko kutafuta nusu nzima ya mauzo mapya ndani ya siku 16.