`Pending` Inamsubiri Nani?

Ninapoitwa kukagua ubao wa kazi unaoakisi tiketi za mtoa huduma, huanza na tiketi moja yenye neno `Pending`. Rangi na hesabu nitaziangalia baadaye. Hapo huuliza swali moja tu: sasa hivi, nani anayengojewa? Mwenye ubao akinijibu bila kusita, na jibu lake likalingana na la mtoa huduma, najua kioo hicho, yaani programu inayoakisi tiketi zao kwenye ubao, kilitengenezwa na mtu makini.

Chukua mtoa huduma anayetumia Zendesk, nasi tunatumia Jira. Zendesk ina hali sita za msingi: `New`, `Open`, `Pending`, `On-hold`, `Solved` na `Closed`. Kwa fundi aliyeko upande wao, `Pending` maana yake ni kwamba amemuuliza mteja jambo na anangoja jibu. Anapomngoja mtu wa tatu, kwa mfano benki au kampuni ya simu, huweka `On-hold`. Kwenye ubao wetu, neno `Pending` husomeka kinyume kabisa: tumewapelekea kazi, tunawangoja wao. Ni neno lile lile lenye herufi zile zile, lakini mwenye zamu amebadilika.

Niliwahi kushuhudia madhara yake kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo. Marejesho ya wanachama yalikuwa yakiingia mara mbili. Mtoa huduma aliomba faili la kumbukumbu za siku hiyo, akaweka `Pending`. Kioo kikanakili neno kama lilivyo, nasi tukatulia tukijua kazi iko kwao. Wao walikuwa wamepanga mfumo wao uitatue wenyewe tiketi yoyote ambayo mteja hajaijibu kwa siku 5, kwa hiyo ikawa `Solved`. Zendesk nayo, isipobadilishwa, hufunga tiketi iliyotatuliwa baada ya siku 4, ikawa `Closed`. Kazi yetu ikajifunga pamoja nayo, huku wanachama wakiendelea kulalamika dirishani. Hakuna aliyekuwa amegusa hata mstari mmoja wa programu.

Kwa hiyo kioo kizuri hutafsiri zamu, hakitafsiri maneno. Majina ya upande wetu nayo yataje mwenye zamu waziwazi. Hivi ndivyo tulivyopanga upya, tukitumia maneno kama yanavyotoka kwenye API:

```
new, open  -> Kwao
hold       -> Kwao
pending    -> Kwetu
solved     -> Tuhakiki
closed     -> Tuhakiki
lingine    -> Haijulikani
```

Mstari wa `hold` una mtego wake. Kwenye skrini ya fundi pameandikwa `On-hold`, lakini API hutoa `hold`, kwa hiyo aliyenakili alichokiona machoni hatalipata neno hilo. Isitoshe, kwenye ukurasa wa mteja hali hiyo haionekani kabisa. Mteja huoneshwa `Open`. Kama kioo chako kinasoma ukurasa huo, hutajua kwamba wao wenyewe wamekwama kwa mtu mwingine. Hapo usikisie. Waombe waandike hivyo kwenye maoni ya tiketi.

Mstari wa mwisho ndio unaonionesha ufundi zaidi. Watoa huduma wa mifumo mingine huongeza hali zao wenyewe bila kutuarifu, na wengi wanaojenga vioo huelekeza neno geni kwenye `Open` ili programu isigome. Mimi nataka lianguke mahali panapoonekana, mtu alisome, aliamulie. Nataka pia neno lao halisi lihifadhiwe kwenye uga wake kando ya letu, pamoja na saa lilipobadilika, maana siku ya mabishano tutahitaji kuona walichokiandika wao, si tulichokielewa sisi.

Kuhusu `Solved`, msimamo wangu ni mkali: kioo kisifunge kazi yetu kamwe. Kiilete `Tuhakiki`, kisha anayelipa mishahara au anayepokea marejesho athibitishe. Athibitishe mapema, kabla ya zile siku 4 kwisha, kwa sababu tiketi iliyokwisha kuwa `Closed` haifunguki tena. Ukiijibu, Zendesk huzaa tiketi ya ufuatiliaji yenye namba mpya.

Hapo ndipo chama kile kilipoumia mara ya pili. Faili lilipelekwa siku iliyofuata baada ya kufungwa, tiketi mpya ikazaliwa, mafundi wao wakaishughulikia kwa bidii, lakini kioo kilikuwa kimeshika namba ya zamani tu. Upande wao kazi ilikuwa hai, upande wetu ilikuwa imefungwa. Siku hizi, kabla sijakisifu kioo chochote, naomba nioneshwe kazi moja iliyofungwa ikarudi. Nataka kuiona ikiwa na namba zote mbili za mtoa huduma juu yake, ya zamani na mpya, na hali inayofuata ile mpya.