Zamu ya Mlangoni

Jumamosi alfajiri, kabla magari yanayotoka Mombo hayajaanza kupanda mlima, Mwalimu huwa ameshafika gulioni na kamba yake. Ni kamba ya katani yenye urefu wa mita 18, nayo ina fundo kila baada ya mita moja na nusu. Anaifunga kwenye nguzo ya geti, anaivuta mpaka kwenye mkaratusi, kisha anapita na kopo la chokaa akitia alama penye kila fundo. Zinapatikana nafasi 12. Hiyo ndiyo safu ya mlangoni, na hakuna kipande cha ardhi katika gulio lile la Usambara kilichowahi kugombaniwa kama hicho.

Wanamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka alipostaafu. Ushuru haumhusu, huo una mtu wake wa halmashauri, na mashine yake ya risiti. Kamati ya wafanyabiashara ilimpa Mwalimu kazi moja tu, ya kupanga nani akae wapi. Kwa anayetazama kwa mbali ni kazi ya kunyoosha kidole. Mimi naihesabu kuwa ufundi, tena ufundi wa mtu asiye na haraka.

Kabla yake, nafasi ilikuwa ya aliyewahi. Kanuni hiyo ilionekana ya haki, mpaka ukaangalia ni nani hasa aliyekuwa akiwahi. Waliokaa jirani na soko waliweka mawe na magunia matupu tangu Ijumaa jioni. Vijana wengine hawakuwa na bidhaa yoyote. Walilala getini, asubuhi wakauza nafasi. Mama aliyeshuka na karoti kutoka kijiji cha juu, mwendo wa saa tatu gizani, alifika akakuta mlango umejaa, wiki hii na wiki ijayo.

Mwalimu hakuanza kwa kutunga sheria. Alianza kwa kuhesabu watu. Alijaza maharage mfuko wa kulia wa koti, akasimama mahali pamoja, na kila mnunuzi aliyepita akahamishia punje moja mfuko wa kushoto. Jumamosi moja alisimama getini, nyingine katikati, nyingine kule mwisho kabisa. Maharage yakamwonyesha kwamba wengi walioingia hawakufika mwisho. Walinunua walichokikuta, mzigo ukawalemea, wakageuka.

Lakini kusimama kule kulimwonyesha na jambo jingine ambalo punje zisingemwambia. Mlango hauwafai wote. Wauza mitumba hawautaki, maana mteja wa nguo anataka kupekua, kujipima, kuondoka na kurudi, na kwenye msongamano hapati nafasi hiyo. Wauza dagaa na wauza maharage nao hawauhitaji sana, kwa kuwa mtu hutoka nyumbani akiwa ameshakusudia kununua dagaa na atawafuata popote walipo. Mlango una thamani kubwa kwa nyanya, karoti, hoho, matunda, vitu ambavyo kila meza inavyo na mnunuzi anachukua vya kwanza alivyoviona kama bei haijapishana.

Kwa hiyo hatua yake ya kwanza haikugusa mlango kabisa. Aliwaomba wauza dagaa na wauza maharage wahamie mwisho wa uwanja, karibu na bomba la maji na kivuli. Walibisha, wakakubali kujaribu, na wateja wao wakawafuata. Sasa kila aliyetaka dagaa alilazimika kupita mbele ya safu zote za mboga, kwenda na kurudi. Mlango ulibaki kuwa bora kuliko ndani, ila pengo lilipungua. Hapa ndipo ninapomvulia kofia Mwalimu. Kabla hajagawa kitu kinachogombaniwa, alikipunguzia kwanza ugomvi wake.

Wakabaki wauza mboga na matunda, watu 60. Akawagawa makundi 4 ya watu 15, kila mtu akapata mita moja na robo kasoro kidogo, na kila Jumamosi kundi moja likakaa mlangoni. Zamu ikazunguka, kelele zikatulia. Mwezi wa nne, muuza nyanya mmoja, mama mtu mzima, akamfuata mezani kwake baada ya soko kufungwa.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu ukae.”

“Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Kundi letu tukikaa mlangoni nauza mafungu tu. Wenzetu wa kundi la kwanza wakikaa, wanauza kwa sado, na ndoo zinaondoka. Nyanya ni zilezile. Nimefanya nini?”

Mwalimu hakumjibu kwamba zamu ni sawa kwa wote. Alifungua daftari. Kundi la mama yule lilikaa mlangoni tarehe 14 Februari, tarehe 14 Machi na tarehe 11 Aprili. Kundi la kwanza lilikaa tarehe 31 Januari, 28 Februari, 28 Machi, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ingekuwa tarehe 25 Aprili. Kundi moja lilikuwa limeangukia mwisho wa mwezi mara zote, walimu na wauguzi wakiwa wameshapata mshahara na kununua mboga za wiki nzima. Kundi la mama lilipanda mlangoni katikati ya mwezi, mifuko ikiwa imekauka, watu wakinunua cha kupikia leo.

Hakuna aliyedanganya. Chanzo kilikuwa hesabu yenyewe. Kutoka gulio la mwisho wa mwezi hadi jingine kwa kawaida ni wiki 4, na makundi yalikuwa 4, basi zamu iliporudi ilirudi kwa walewale. Ni mwezi wenye Jumamosi tano tu uliosogeza mambo, nao huja kama mara nne kwa mwaka. Daftari lilionyesha kila kundi limekaa idadi ileile ya siku, na mtu ambaye angetetea daftari lake angeshinda hoja akampoteza mama yule.

“Una haki, mama,” alisema. “Hili sikuliona.”

Dawa yake ilikuwa kuongeza kundi moja. Makundi 5 ya watu 12. Wiki 4 zikipita, zamu inakuwa haijakamilika, kwa hiyo mwisho wa mwezi unaangukia kundi jingine, na mwezi unaofuata kundi jingine tena. Alilipanga jambo hilo kwa punje za maharage mbele ya kamati, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mwezi wa nane. Likabaki doa moja. Penye mwezi wa Jumamosi tano, kundi lilelile linapata mwisho wa mwezi mara mbili mfululizo. Mjumbe mmoja akataka pawekwe kanuni ya kubadilishana kwa miezi hiyo. Mwalimu alikataa, nami naona alikuwa sahihi. Doa hilo linahama lenyewe kutoka kundi hadi kundi, na alilitangaza mapema. Kanuni yenye viraka vingi ingehitaji yeye kuisoma kila mara, na siku ambayo mfanyabiashara hawezi kuihesabu zamu yake kwa vidole ndiyo siku anayoanza kushuku.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama yake. Mtu aliyesubiri wiki 4 sasa angesubiri 5, na wengine walilalamika wazi. Mwalimu akaifungua kamba, akafunga mafundo upya. Urefu ni uleule wa mita 18, lakini kwa watu 12 kila mmoja alipata mita moja na nusu. Waliopanga nyanya kwa kubanana sasa walikuwa na mahali pa kuweka ndoo ya akiba, na mabeseni yakaacha kuingia njiani.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni uelekeo wa zamu. Zile safu 5 zinafuatana kutoka getini kwenda ndani. Angeweza kulifanya kundi litoke mlangoni liende safu ya pili, kisha ya tatu, likididimia kila wiki mpaka mwisho, halafu liruke mbele. Kwa hesabu ni kilekile. Yeye alifanya kinyume. Ukitoka mlangoni unakwenda safu ya mwisho kabisa, kisha kila Jumamosi unasogea mbele safu moja. Hivyo mtu anarudi nyuma mara moja tu katika wiki 5, tena akiwa ametoka kuuza vizuri, na Jumamosi zote zilizobaki anaona amepanda. Wenzako wa safu nao hawabadiliki, kwa kuwa kundi linahama pamoja. Anayekuchenjia noti na kukuangalizia meza unakuwa naye safu zote.

Ndani ya safu kuna kura, maana hata mlangoni kwenyewe nafasi iliyo kando ya nguzo ni bora kuliko iliyo chini ya mkaratusi. Anatumia vizibo 12 vya soda vilivyoandikwa namba. Anavihesabu kwa sauti kimoja kimoja mbele ya watu, anaugeuza mfuko nje ndani waone hauna kitu, ndipo anavitumbukiza. Aliyechota wa mwisho gulio lililopita anachota wa kwanza gulio hili. Kwa hesabu haisaidii chochote, kila mtu ana bahati ileile hata achote wa ngapi, naye analijua hilo kuliko wote. Ila watu huamini kwamba mkono wa kwanza ndio unaobahatika, na haimgharimu kitu kuuzungusha mkono wa kwanza. Aliye nje ya mzunguko huo ni mmoja. Dada yake Mwalimu, muuza karoti, huchota wa mwisho siku zote. Anachukua kizibo kilichobaki, mbele ya macho ya wote, na akipata nguzo hakuna wa kusema amechaguliwa.

Kinachobaki ni kuangalia dalili. Jumamosi moja kijana muuza ndimu wa safu ya nne alionekana amesimama getini na beseni kichwani, mahali pasipo pake. Wa mlangoni wakapiga kelele afukuzwe. Mwalimu anaamini mtu haachi meza yake bure, kwa hiyo alimshika mkono, wakaenda wote mpaka safu ya nne. Kule wakakuta turubai la jirani limefungwa chini mno kwa kukwepa jua, na njia imegeuka kuwa kama mlango wa banda. Mnunuzi mrefu alilazimika kuinama, wengi waliona bora wazunguke. Safu nzima ilikuwa imekosa watu, ni mmoja tu aliyechoka kuvumilia. Wakatafuta mti, wakaliinua turubai mpaka mtu aliyebeba tenga kichwani akapita wima.

Kijana akashusha beseni, akaanza kupanga ndimu mafungu ya tano tano.

“Mwalimu, na sisi mlangoni lini?”

“Hesabu mwenyewe.”

Kijana akatazama mbele, akahesabu migongo ya safu kwa kidole. “Wiki tatu,” akasema. “Na hiyo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi.” Kisha akamwita jirani yake wa kulia amwambie alete ndimu za kutosha siku hiyo.