Istio na kosa la PERMISSIVE

Wavu wa huduma wa Istio, katika umbo lake la kawaida, huweka proksi ya Envoy ubavuni mwa kila programu, ndani ya podi ileile. Sheria za iptables hukamata mawasiliano ya TCP yanayotoka kwenye programu na kuyapeleka poti 15001 ya proksi. Yanayoingia hupitia 15006. Programu yenyewe haina habari. Istiod hugawa vyeti vinavyodumu saa 24 kisha kubadilishwa bila mtu kugusa kitu, na kila cheti hubeba jina kama `spiffe://cluster.local/ns/malipo/sa/lipa`. Kwa hiyo proksi mbili zinapokutana, kila moja hujua inazungumza na nani. Sehemu hii imejengwa vizuri.

Kilichojengwa vibaya ni hali ya awali ya PERMISSIVE. Katika hali hiyo, proksi inayopokea hukubali mawasiliano yaliyosimbwa na yasiyosimbwa kwenye poti ileile. Sababu yake inafahamika: wakati wa kuhama, huduma ambazo bado hazina proksi ziendelee kuhudumiwa. Lakini ruhusa hiyo haina mwisho wala onyo. Siku ambayo podi ya mwisho imepata proksi hupita kama siku nyingine yoyote, huku waendeshaji wakiamini kwamba kila kitu kimesimbwa. Kati ya proksi na proksi, ni kweli kimesimbwa. Anayebaki nje ya hesabu ni yule asiye na proksi, naye ndiye aliyestahili kuogopwa tangu mwanzo.

Tuseme huduma ya malipo ina proksi, na mtu ameingia kwenye podi nyingine ya klasta hiyohiyo isiyo na proksi. Anaandika:

```
curl http://lipa.malipo:8080/salio
```

Chini ya PERMISSIVE, jibu hurudi kama kawaida. Mwitaji hakuonyesha cheti, hivyo hana jina. Na kama hakuna AuthorizationPolicy inayodai jina hilo, hakuna wa kumzuia. Dawa yake ni mistari michache:

```yaml
apiVersion: security.istio.io/v1
kind: PeerAuthentication
metadata:
  name: default
  namespace: malipo
spec:
  mtls:
    mode: STRICT
```

Sasa curl ileile hukatiwa muunganisho na kutoka na kosa namba 56. Kabla ya kufunga, kipimo cha kutazama ni `istio_requests_total` upande wa mpokeaji, penye `connection_security_policy="none"`. Idadi ikiendelea kupanda, kuna anayeita bila usimbaji, na lebo za chanzo mara nyingi zitasema `unknown`, kwa kuwa hakuna cheti cha kumtambulisha. Hapo hutafutwa kwa anwani ya IP kwenye kumbukumbu za Envoy. Ikitulia kwa muda unaotosha kupitisha hata kazi za mwisho wa mwezi, STRICT iwekwe.

HAProxy, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, haikuwahi kuwa na utata huu: poti iliyoandikwa `bind :8443 ssl` hudai TLS, na anayekuja bila TLS hukataliwa. Wakongwe waliandika faili ndefu za mipangilio, ila aliyezisoma alijua nini kimefungwa.

Kwa upande wa kuelekeza mawasiliano, sifa kubwa ya proksi inaonekana kwenye gRPC. Muunganisho mmoja wa HTTP/2 hukaa muda mrefu, na kube-proxy hugawa miunganisho, haigawi maombi. Matokeo yake podi moja huelemewa huku wenzake wakikaa bure. Envoy hugawa kila ombi peke yake. Pia inaweza kupeleka asilimia 10 ya maombi kwenye toleo jipya. Kurudia maombi kunahitaji tahadhari zaidi: ngazi tatu za huduma, kila moja ikijaribu mara tatu, zinaweza kugeuza ombi moja kuwa 27 kwenye hifadhidata ambayo tayari imechoka.

Haya yote hayahitajiki kila mahali. Mfumo wa huduma nne zilizoandikwa kwa lugha moja na timu moja unaweza kutumia ugawaji uliomo ndani ya maktaba ya gRPC, NetworkPolicy ya kuzuia waitaji, na `sslmode=verify-full` kwenye njia ya Postgres. Kama hitaji ni kusimba waya kati ya nodi tu, WireGuard ndani ya Cilium inatosha, ingawa haithibitishi programu ipi inaita. Proksi ya Istio kwa kawaida huombewa 128Mi za kumbukumbu. Podi 40 hutengewa GiB 5 kabla programu yoyote haijafanya kazi, na kila wito hupita proksi mbili. Gharama hiyo ilipigiwa kelele kwa miaka. Toleo 1.24 la mwaka 2024 ndilo hatimaye lililotangaza hali ya ambient kuwa tayari kwa kazi halisi: proksi moja kwa kila nodi hushika usimbaji, na Envoy huongezwa pale tu maombi ya HTTP yanapohitaji kuelekezwa.