Nafasi Nyingine, Mgodi Uleule

Umefanya usaili wa kazi ya ujiolojia Geita. Wiki mbili zinapita kimya, kisha afisa ajira anapiga simu: ipo nafasi nyingine ambayo jopo linaona ingekufaa, je, uko tayari? Wengi hujibu "ndiyo" kabla sentensi haijaisha, na wachache hukata tamaa papo hapo wakidhani wamepewa kifuta jasho. Majibu yote mawili yanatolewa kabla mtu hajajua anaulizwa nini hasa. Nitachambua simu moja ya aina hiyo kwa mfano niliouunda mwenyewe, ingawa sheria na mazingira yake ni ya kweli.

Mwombaji wetu ni kijana wa Shinyanga mjini mwenye shahada ya jiolojia, na kwa sasa ni msaidizi wa sampuli kwa kontrakta wa uchorongaji. Aliomba kazi ya mjiolojia wa udhibiti wa kiwango, yaani yule anayesimama shimoni kila siku na kuamua mwamba upi ni mbale wa kupelekwa kiwandani na upi ni kifusi. Anachopewa sasa ni kazi ya ofisa kanzidata wa jiolojia.

Kwenye simu yenyewe anza na mambo mawili: kushukuru na kuomba maandishi. "Ahsante sana dada kwa kunifikiria. Naomba unitumie maelezo ya kazi kwa barua pepe, nami nitakujibu kesho kabla ya saa sita." Muda huo unatosha, na hakuna afisa ajira makini atakayeudhika nao. Akikataa kuandika chochote, au akitaja pesa ya vipimo vya afya, ya sare au ya "kufungua faili", huyo hakupigii kutoka mgodini. Tafuta namba ya ofisi kwenye tangazo la awali uliloombea, upige huko uulize. Matapeli wa ajira hupenda kisingizio hiki cha "nafasi nyingine" kwa sababu mtu aliyekwisha fanya usaili anatarajia kupigiwa.

Kabla ya kuaga kuna swali moja la kuuliza, na ndilo lenye thamani kuliko yote: "Ombi langu la kwanza limefungwa, au bado liko mezani?" Akisema limefungwa, unapima nafasi ya pili peke yake. Akisema bado halijaamuliwa, elewa kwamba ukiitikia hii huenda ukahesabiwa umejitoa kule, kwa hiyo mwombe aandike kuwa majina yako yanabaki kwenye mashindano yote mawili. Jibu la tatu ndilo gumu: "Jopo lilikupenda, ila uzoefu wa shimoni ulipungua." Hapo umepewa sababu ya kweli, na sababu hiyo ndiyo kipimo cha kazi mpya. Je, itakupa uzoefu uliopungua, au itakuweka mbali nao zaidi?

Barua pepe ikifika, usianze na mshahara. Anza na jina la mwajiri. Ukanda huu una mazoea ya kuita kila kitu kwa jina la mgodi, na mtu husema anafanya kazi "Barrick" au "GGM" hata kama mkataba wake ni wa kampuni ya upishi. Ndani ya uzio mmoja kuna mwenye leseni, kuna wachorongaji, walipuaji, watu wa maabara, walinzi na wa mabasi, na kila kundi laweza kuwa na mwajiri wake. Hata upande wa mwenye leseni majina hayafanani na ya mitaani. Mgodi wa Geita uko chini ya Geita Gold Mining Limited, kampuni tanzu ya AngloGold Ashanti. Bulyanhulu, ulioko Kahama, uko chini ya Bulyanhulu Gold Mine Limited, na juu yake ipo Twiga, ubia ambao Barrick ina asilimia 84 na Serikali 16. Kwa hiyo "kampuni ileile" inaweza kumaanisha mgodi uleule lakini mwajiri mwingine, mwenye bima nyingine, ngazi nyingine za mishahara na mkataba unaokufa siku zabuni yake inapokwisha. Uliza wazi: "Mkataba utasainiwa na kampuni gani?" Katika mfano wetu jibu ni mwenye leseni mwenyewe. Kwa kijana aliyeko kwa kontrakta, hiyo ni hatua kubwa kabla hata hatujagusa kazi yenyewe.

Kinachofuata ni daraja. Migodi mingi barani hupanga kazi kwa mfumo wa Paterson au mwingine unaofanana nao, ambapo kazi hupewa herufi kuanzia A hadi F kulingana na uzito wa maamuzi yanayofanywa. Fundi na msimamizi wa karibu hukaa C, na mtaalamu anayekaribia ngazi ya umeneja huingia D. Cheo kinaweza kuitwa "ofisa" kikasikika kikubwa kuliko "mjiolojia" na bado kikawa chini yake kwa daraja. Nyumba, bima ya familia na usafiri mara nyingi hufuata daraja, wala si jina la cheo. Swali lake ni fupi: "Nafasi hii iko daraja gani, na ile ya kwanza ilikuwa daraja gani?"

Sasa kazi yenyewe. Ofisa kanzidata hapangi faili tu. Matokeo ya kila shimo la uchorongaji hupita kwake kabla hayajaingia kwenye programu kama acQuire, na kazi yake kubwa ni kujua lini asiyaamini. Miongoni mwa sampuli zinazokwenda maabara huchanganywa sampuli tupu, sampuli rejea ambazo kiwango chake kinajulikana, na sampuli za marudio. Kila aina huingizwa kwa uwiano kama wa moja katika 20. Sampuli tupu ikirudi na dhahabu, kuna uchafuzi mahali fulani, na kundi zima linaweza kurudishwa kupimwa upya. Sampuli rejea zikianza kushuka kidogo kidogo wiki baada ya wiki, mashine au kemikali ina tatizo. Anayeyaona haya mapema huokoa maamuzi mengi mabaya kule shimoni, na mjiolojia aliyepitia hapo hudanganywa na namba kwa shida sana.

Lakini ina mpaka wake. Kanuni za kutangaza hazina ya madini, kama JORC ya Australia na SAMREC ya Afrika Kusini, zinamtaka mtaalamu anayesaini awe na angalau miaka 5 ya uzoefu unaohusu aina ile ya mashapo na kazi ile anayoitolea kauli. Miaka ya kanzidata peke yake ni vigumu kuitetea kama uzoefu wa kukadiria rasilimali. Kijana anayetaka siku moja awe mtia saini anahitaji kuiona miamba kwa macho, kuchora mipaka ya mbale, na kulinganisha alichokadiria na kilichotoka kiwandani. Ndiyo maana ningemshauri asikatae na asikubali hivihivi, bali aombe vitu viwili mahususi: kupangiwa muda wa shimoni ndani ya kazi hiyo, na kuelezwa baada ya muda gani anaruhusiwa kuomba nafasi za ndani. Makampuni mengi humzuia mwajiriwa mpya kuomba kuhama kabla hajakaa muda fulani kwenye nafasi yake. Lijue sharti hilo kabla hujasaini.

Mshahara nitaugusa kwa jambo moja ambalo watu hulikosea. Wengi huiogopa kazi ya mchana, kama hii ya kanzidata, kwa kuwa wanapoteza "hela ya usiku". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa inayofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 1,950,000 kwa mwezi. Ukiugawa kwa saa 45 za wiki mara 4.333, kama jedwali la sheria linavyoelekeza, unapata takriban shilingi 10,000 kwa saa. Nyongeza ya usiku ni shilingi 500. Usiku saba wa saa kumi kumi unaleta 35,000. Pesa halisi iko kwenye saa za ziada, ambazo hulipwa mara moja na nusu: saa 20 kwa mwezi ni shilingi 300,000. Basi usiulize kama kuna shifti za usiku. Uliza rosta ikoje na saa za ziada kwa kawaida ni ngapi.

Kuna pia mstari mdogo kwenye mkataba unaopitwa na macho: mahali ulipoajiriwa. Kwa kifungu cha 43 cha sheria hiyohiyo, ajira ikikomeshwa mahali pengine tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri anakurudisha wewe na mizigo yako au analipia usafiri huo. Kijana wa Shinyanga akiandikiwa "Geita" kwa sababu tu alisainia hapo, ameipoteza haki hiyo kimyakimya. Nafasi inapobadilishwa katikati ya usaili, fomu hujazwa upya kwa haraka, na makosa kama haya huingia wakati huo.

Jibu lake la maandishi lingekuwa hivi:

"Ndugu Afisa Ajira, nashukuru kwa mazungumzo ya jana. Nimesoma maelezo ya nafasi ya Ofisa Kanzidata wa Jiolojia na ninaitaka, hasa upande wa udhibiti wa ubora wa sampuli, kwani nimeshika sampuli hizo kwenye kazi yangu ya sasa. Naomba kuthibitishiwa mambo matatu: daraja la nafasi hii, uwezekano wa kupangiwa muda wa shimoni pamoja na timu ya udhibiti wa kiwango, na muda ninaotakiwa kukaa kabla ya kuomba nafasi ya ndani. Mahali pangu pa kuajiriwa ni Shinyanga mjini. Ninawajibika kutoa notisi ya siku 28 kwa mwajiri wangu wa sasa, nami nitaitoa mara nitakapopokea barua ya ajira iliyosainiwa."

Barua hiyo inaanza kwa kukubali, kwa sababu afisa ajira naye ana meneja anayemsubiri na anahitaji kumwambia kitu. Haidai ile kazi ya kwanza wala hailalamiki kuikosa. Sentensi ya mwisho ndiyo inayomlinda kijana: baada ya simu bado kuna vipimo vya afya na idhini ya bajeti, na nafasi inaweza kufia hapo bila kosa la mtu yeyote. Akijibiwa kwamba muda wa shimoni hauwezekani kabisa, bado ningechukua kazi hiyo kwa kuwa anatoka kwa kontrakta. Angekuwa tayari ni mjiolojia wa shimoni mahali pengine, hata kwa mshahara mdogo kidogo, ningemwambia abaki alipo na aombe tena tangazo lijalo.