Maji Yaleyale, Asubuhi Asidi, Jioni Alkali

Tumchukue mfugaji wa sato pale Mzumbe, mwenye bwawa la mita za mraba 200 linalojazwa kwa mfereji unaotoka milima ya Uluguru. Saa 12 asubuhi kipimo kinaonyesha pH 6.6, na samaki wamepanda juu wanahema. Saa 10 alasiri kinaonyesha 9.4. Kwanza anashuku kipimo, anakijaribu kwenye maji maalumu ya pH 7 na 10, anakikuta kizima.

Kinachobadilika ni bwawa lenyewe. Kila wiki humwaga samadi ya kuku, na mwani umestawi mpaka akizamisha mkono hadi kiwiko haoni vidole vyake. Mchana mwani hufanya usanisinuru, na kazi hiyo hula kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini. Gesi hiyo ndiyo inayotia maji asidi, kwa hiyo ikipungua, pH hupanda. Usiku kazi husimama. Mwani, samaki na bakteria wote hupumua, gesi inarudi na oksijeni inapungua hadi alfajiri.

Njia ya kuthibitisha haina gharama. Asubuhi jaza maji ya bwawa kwenye chupa mbili zinazopitisha mwanga, moja uifunike kwa kitambaa cheusi, kisha zizamishe zote kina cha kiganja. Alasiri pH ya chupa isiyofunikwa itakuwa imepanda. Ya iliyofunikwa itakuwa imeshuka kidogo.

Hatari kubwa ya jioni ni amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Maji yakiwa nyuzi 28, kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 ni kama asilimia 40. Ndiyo maana samaki wanaweza kususa chakula cha jioni ilhali oksijeni ni tele.

Kumwaga siki au asidi alasiri ni kosa, maana usiku pH itashuka zaidi. Maji haya yamekosa bikaboneti ya kuzuia pH isiyumbe, na dawa yake ni chokaa ya kilimo: kwa bwawa hili inatosha kuanza na kilo 30, zikitawanywa kote. Chokaa ya kujengea isitumike samaki wakiwamo, kwa kuwa hupandisha pH ghafla hadi kuwaua. Samadi isimamishwe mpaka vidole vionekane tena.

Baada ya wiki chache anatarajia pH ya asubuhi ipande kidogo juu ya 7 na ya alasiri ikae chini ya 9. Alinganishe siku za jua kwa siku za jua. Wakati wa masika, mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, pengo hupungua lenyewe hata kama chokaa haijafanya kitu, na alfajiri za siku hizo ndizo oksijeni huwa haba kuliko zote.